Betri kwa mwenye tochi: vidokezo 8 vya kugawa orodha ya wateja kwa walichonunua

Mzigo umefika Kampene. Katoni za betri zimeteremshwa kwenye pikipiki, na mwenye duka anataka zitoke kabla ya mwisho wa wiki. Anachukua simu, anachagua namba zote alizonazo, anatuma mesaji moja kwa watu wote. Mama wa mgahawa, ambaye hununua kwake mchele na mafuta tu, anapata habari ya betri. Mwalimu aliyenunua madaftari mwezi wa tisa anaipata pia. Wiki inayofuata wote wanapata habari ya mabati, kisha ya vitenge, kisha ya sukari. Baada ya miezi miwili mama wa mgahawa anafuta mesaji za duka hilo bila kuzifungua, hata ile iliyosema mchele umefika. Hapo duka limepoteza pesa ya mesaji na limempoteza mtu aliyekuwa tayari kununua.

Dawa yake imo kwenye daftari la mauzo. Mtu aliyekwisha kununua amekuambia anatumia nini, anakimaliza kwa muda gani, na anakuja kwako mara ngapi. Vidokezo hivi vinaonyesha jinsi ya kuyasoma hayo na kuchagua nani apate mesaji gani. Nitatumia duka la mfano: duka la vitu mchanganyiko hapa katika eneo la Pangi, jimbo la Maniema, lenye wateja 240 ambao namba zao zipo, na mauzo ya miezi sita yaliyoandikwa. Hesabu zake nimezitunga ili tuelewane. Njia yenyewe inafaa pia kwa duka la Kindu, la Kigoma au la Mombasa.

1. Andika mauzo, majina peke yake hayatoshi

Orodha ya majina na namba za simu haigawanyiki, kwa sababu haina cha kugawia. Unachohitaji ni mstari mmoja kwa kila bidhaa iliyouzwa: tarehe, namba ya simu, bidhaa, idadi, kiasi cha pesa. Mteja akinunua mchele na sabuni siku moja, hiyo ni mistari miwili. Ukiandika "vitu mbalimbali, 18,000" umetupa habari yote uliyokuwa nayo mkononi.

Namba ya simu ndiyo kitambulisho, maana mjini kuna Mama Amina zaidi ya mmoja na kuna Papa Yusufu wengi. Iandike kwa namna moja siku zote, kuanzia na 243 na bila sifuri ya mbele. Ukianza na sifuri, kompyuta itaiona kama hesabu na kuifuta sifuri hiyo. Kisha mtu mmoja atatokea mara mbili, nusu ya manunuzi yake huku na nusu kule, na utamdhania wateja wawili wadogo badala ya mmoja mkubwa. Mwenye laini mbili mwulize ipi anaisoma, uandike hiyo tu.

Mambo mawili ya Kongo yanahitaji uangalifu. La kwanza ni sarafu. Duka hupokea faranga na dola, na kiwango cha kubadilisha hakikai mahali pamoja. Chagua sarafu moja ya kuhesabia, na ubadilishe kwa kiwango cha siku ya mauzo yenyewe. Ukibadilisha yote kwa kiwango cha leo wakati faranga imeshuka, faranga za zamani zitaonekana ndogo kuliko zilivyokuwa, na wateja wako wa siku nyingi watashuka kwenye orodha bila kosa. La pili ni deni. Mtu akichukua gunia leo na kulipa mwisho wa mwezi, tarehe ya kuandika ni ya leo, kwa sababu gunia linaanza kuliwa leo. Malipo ya deni yana daftari lake.

Anayelipwa kwa M-Pesa au Airtel Money anaweza kupata tarehe, namba na kiasi kutoka kwenye mesaji za malipo, na hiyo husaidia kujaza mapengo ya nyuma. Bidhaa haimo humo. Hiyo bado utaiandika wewe.

2. Panga bidhaa kwa jinsi zinavyoisha

Wenye maduka wengi huanza kugawa wateja kwa umri, au kwa mtaa, au kwa "wakubwa na wadogo". Mimi ningeanza na bidhaa, na swali moja: hii itaisha lini, na ikiisha au ikidumu, mtu atahitaji nini?

Zipo zinazoisha na kununuliwa tena: mchele, mafuta, chumvi, sukari, sabuni, betri. Hizi zina mwendo, na mwendo huo ndio utakaokupa siku ya kutuma mesaji. Zipo zinazodumu, kama tochi ya kichwa, bati, paneli ya jua, jembe, baiskeli. Aliyenunua mabati 30 mwezi uliopita ni mtu wa mwisho wa kumwambia kwamba mabati yameshuka bei. Utamkera tu, kwa sababu yeye alilipa bei ya juu. Lakini mabati hufuatwa na misumari, rangi, mbao za dari na kufuli la mlango. Tochi hufuatwa na betri. Paneli hufuatwa na taa na nyaya. Kwa kila bidhaa ya namna hii andika kando bidhaa inayoifuata, na hiyo ndiyo utakayoitangaza.

Kundi la tatu lina msimu. Madaftari na kalamu hutoka masomo yanapoanza mwezi wa tisa, na vitenge hutafutwa kabla ya tarehe 8 Machi, sikukuu ya wanawake, ambapo wengi nchini hushona nguo za kitambaa kimoja. Aliyenunua kitenge mwezi Februari mwaka jana ana sababu ya kupata mesaji mwezi Februari mwaka huu. Mwezi wa sita hana sababu hiyo, hata kama hajanunua chochote tangu hapo, na usimwite mteja aliyepotea.

3. Tafuta mwendo wa kila mteja

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine pote, kwa hiyo tukae kidogo.

Mama wa mgahawa alinunua mchele tarehe 3 Machi, tarehe 17 Machi, tarehe 1 Aprili na tarehe 14 Aprili. Kati ya manunuzi kuna siku 14, kisha 15, kisha 13. Panga tarakimu hizo kwa ukubwa na uchukue ya katikati: 14. Huo ndio mwendo wake. Mfanyabiashara anayepeleka vyakula machimboni alinunua tarehe 5 Februari, tarehe 7 Machi na tarehe 9 Aprili: siku 30, kisha 33. Mwendo wake ni kama mwezi mmoja.

Sasa tuseme ni tarehe 4 Mei, na mzigo mpya wa mchele umefika. Mama ana siku 20 tangu anunue mara ya mwisho, na mfanyabiashara ana siku 25. Mwenye duka anayehesabu siku tu angesema mfanyabiashara ndiye aliyekaa muda mrefu zaidi. Ukweli ni kinyume. Mama amepitisha siku zake kwa karibu wiki nzima, na huenda ameanza kununua kwa jirani. Mfanyabiashara yuko ndani ya mwendo wake na atakuja mwenyewe. Mama anastahili mesaji leo, au afadhali simu ya sauti. Mfanyabiashara anaweza kupata mesaji siku mbili tatu kabla ya siku yake, ili apange mzigo.

Nimesema uchukue tarakimu ya katikati na siyo wastani, kwa sababu safari moja huharibu wastani. Mama akienda Kindu kwenye msiba na kukosa mwezi mzima, wastani wake utaruka mpaka karibu siku 20, na utakuwa unamchelewesha kila mara. Tarakimu ya katikati haitikisiki hivyo.

Mtu aliyenunua bidhaa mara moja au mbili tu hana mwendo bado. Mpe mwendo wa wenzake wanaonunua bidhaa hiyo hiyo, mpaka atakapofikisha manunuzi matatu. Kiasi cha pesa nacho kina kazi yake, lakini kiweke nyuma. Kinakusaidia kuamua nani apigiwe simu na nani aandikiwe. Nani yuko tayari kununua leo hakikuambii.

4. Kama una kompyuta, acha ihesabu

Daftari la karatasi linatosha kwa wateja hamsini hivi: ukurasa mmoja kwa kila mteja, tarehe zikishuka chini. Wakizidi hapo, jedwali la kompyuta au la simu litakuokolea usiku mwingi. Weka mauzo kwenye karatasi moja uliyoiita Mauzo: tarehe safu ya A, namba B, bidhaa C, idadi D, kiasi E. Kwenye karatasi ya pili weka namba za wateja, kila moja mara moja tu, kuanzia A2. Excel nyingi za Kongo ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo fomula ni hizi:

```
=NB.SI.ENS(Mauzo!B:B;A2;Mauzo!C:C;"betri AA")
=MAX.SI.ENS(Mauzo!A:A;Mauzo!B:B;A2;Mauzo!C:C;"betri AA")
```

Ya kwanza inahesabu mara alizonunua betri, ya pili inatoa tarehe ya mwisho. Kwenye Excel ya Kiingereza majina yake ni `COUNTIFS` na `MAXIFS`, na mara nyingi mkato hutumika badala ya nukta-mkato. Ukiona tarehe ya mwaka 1900 au 1899 usishtuke: mtu huyo hajawahi kununua bidhaa hiyo, na kompyuta imeandika sifuri kwa sura ya tarehe. Ukiona sifuri kwa mtu unayejua amenunua, tafuta tofauti ya maandishi. "Betri AA" na "betri ya AA" kwa kompyuta ni bidhaa mbili. Kubalianeni dukani jina moja kwa kila kitu, na mbandike orodha hiyo ukutani karibu na daftari.

5. Toa watu kwenye orodha kabla ya kutuma

Turudi kwenye katoni za betri. Wateja ni 240. Waliowahi kununua tochi ya kichwa au betri katika miezi sita ni 74. Tumekwisha acha watu 166 ambao betri haziwahusu. Kati ya 74, watu 8 walinunua tochi ya kuchaji, isiyotumia betri hizi. Wamebaki 66. Watu 13 walinunua betri ndani ya siku kumi zilizopita, na kwa mwendo wa wengi bado wanazo. Wamebaki 53. Watano wamesema hawataki mesaji au namba zao hazipokei tena. Wamebaki 48.

Kwa nini kujisumbua kuwatoa wale 13? Kwa sababu mtu aliyenunua juzi kwa bei ya kawaida akipata mesaji ya punguzo leo, anasoma kwamba aliharakisha. Safari nyingine atasubiri punguzo. Matangazo yaliyotumwa ovyo huwafundisha wateja wazuri kutonunua kwa bei kamili, na hasara hiyo haionekani kwenye daftari lolote.

Angalia pia mzigo ulionao. Kama una pakiti 30 tu, kuwaita watu 48 ni kuwatembeza watu bure, na mtu aliyeshuka kutoka machimboni akakuta zimekwisha hatasahau upesi. Panga wale 48 kwa kuanzia na aliyepitisha siku zake zaidi, uwaandikie wa juu kwanza. Na usitume mesaji mzigo ukiwa bado njiani. Barabara ya kutoka Kindu wakati wa mvua haina ratiba, na ahadi ya "kesho" hutegemea tope. Tuma betri zikiwa zimeshapangwa kwenye rafu.

6. Waache wachache bila mesaji, ujue imefanya nini

Hiki ndicho kidokezo ambacho karibu kila mtu hukiruka. Ukituma kwa watu wote 48 na 14 wakaja, utafurahi. Lakini ni wangapi wangekuja hata bila mesaji? Betri zao zilikuwa zinaisha hata hivyo.

Andika namba zote 48 kwenye vikaratasi, uvikunje, uchanganye kwenye ndoo, uvute 12. Hao 12 hawapati mesaji safari hii. Usiwachague kwa macho, maana mkono utaenda kwa wale unaodhani hawatakuja, na jibu litakudanganya. Wale 36 waliobaki waandikie.

Tuseme baada ya siku saba wamekuja 11 kati ya 36, na 2 kati ya 12. Wasioandikiwa wamekuja mmoja kwa kila sita. Kwa kiwango hicho, kati ya 36 wangekuja 6 bila kuitwa. Kwa hiyo mesaji imeleta watu kama 5, na faida ya mauzo ya watu 5 ndiyo ya kulinganisha na gharama ya mesaji 36 pamoja na punguzo ulilotoa. Punguzo hilo, kumbuka, wamelipata wote 11.

Usiamini hesabu ya mara moja. Kama kwa bahati wangekuja 3 kati ya wale 12 badala ya 2, ungesema 9 kati ya 36 wangekuja wenyewe, na mesaji imeleta 2 tu. Mtu mmoja amebadilisha hukumu nzima. Kwa duka dogo, fanya hivi kila unapotuma, ujumlishe matokeo ya mara tano au sita za bidhaa hiyo hiyo, kisha ndipo uamue. Wale 12 wawe wapya kila safari, ili pasiwe na mtu anayenyimwa habari daima.

7. Andika mesaji itakayofika ikiwa nzima, na isiyomsema mtu

Mesaji moja ya kawaida hubeba alama 160, nafasi za katikati zikiwemo. Ukitumia hata alama moja iliyo nje ya seti ya kawaida ya mtandao, nafasi inashuka mpaka 70, na mesaji uliyodhani ni moja inakatwa na kulipiwa kama mbili au tatu. Kiswahili kina bahati, kwa kuwa hakina herufi zenye vikofia. Mtego wake ni kibainishi cha ng'ombe na ng'ambo: simu nyingi huandika kile kilichopinda badala ya kilichonyooka, na kilichopinda hakimo kwenye seti hiyo. Kwa Kifaransa, é na è zina nafasi, lakini ê na ç ndogo hazina. Picha za nyuso za kucheka hazimo kabisa. Ukiona simu inahesabu kushuka kutoka 70 badala ya 160, tafuta alama hiyo moja uiondoe.

Mesaji yetu ya betri ingekuwa hivi:

```
DUKA LA MBELE YA SOKO: Betri AA zimefika, 4 kwa 2500 FC. Bei hii mpaka Jumamosi 14/6. Hutaki mesaji zetu? Jibu ACHA.
```

Jina la duka liko mwanzo, kwa sababu namba yako huenda haikuhifadhiwa. Tarehe imeandikwa yote. Wateja wengi wa Kampene hukaa siku kadhaa machimboni mahali pasipo mtandao. Mesaji yao husubiri kwenye kituo cha mtandao, na simu inapopata mawimbi huingia, ikiwa muda wa kusubiri haujakwisha. "Leo tu" inayosomwa siku ya tatu haina maana, na "kesho" haijulikani ni ya lini.

Tena, mesaji haisemi "kwa kuwa ulinunua tochi". Kugawa orodha ni kazi yako ya ndani. Simu za nyumbani husomwa na mke, mume, watoto na mashemeji. Mtu alinunua kitenge cha zawadi, mwingine vitu vya mtoto mchanga kabla ya kumwambia mtu yeyote. Taja bidhaa iliyopo na bei yake, basi.

Kabla ya kubonyeza, hakikisha simu inatuma kwa mtu mmoja mmoja. Baadhi ya programu, ukichagua watu wengi, hufungua mazungumzo ya pamoja ambamo kila mmoja anaona namba za wenzake. Kikundi cha WhatsApp kina shida hiyo hiyo. Orodha ya kutangazia ya WhatsApp haiwaonyeshi, ila ina mwisho wa watu 256 na inawafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Jaribu kwanza kwa namba mbili za watu wa nyumbani, uone zinapokea nini.

Neno ACHA nalo lina kazi. Anayelituma mwekee alama siku hiyo hiyo kwenye karatasi ya wateja, kwa bidhaa zote. Usimfute kabisa, maana akinunua tena utamwandika upya na utasahau alichoomba.

8. Wakinyamaza wote, angalia soko kwanza. Na ufunge orodha

Kampene ilikua kwa madini. Pesa inayoingia dukani hutoka kwa mchimbaji, kwa mbebaji, kwa negosyan anayenunua kasiterite na dhahabu, na kwa watu wanaowauzia hao chakula. Kwa hiyo kuna ukimya wa mteja mmoja, na kuna ukimya wa mji. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati liliishiwa na fedha, bei ya madini ya bati ikaanguka duniani, na pigo hilo likafika mpaka huku Maniema, kwenye migodi ya kampuni ya Sominki. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Maniema na Kivu zote mbili, na marufuku hiyo ikadumu hadi Machi 2011. Duka ambalo lingegawa wateja wake katikati ya miezi hiyo lingewaita karibu wote "waliopotea" na kuwamwagia punguzo watu ambao hawakuwa na pesa mfukoni.

Ndiyo maana, kabla ya kumwandikia mteja aliyenyamaza, tazama kundi lake. Chukua wanunuzi wote wa betri: mwezi huu wangapi wamepitisha siku zao? Kama kwa kawaida ni mmoja kwa watano na sasa ni watatu kwa watano, tatizo haliko kwa wateja. Punguza ukubwa wa pakiti, uza betri mbili mbili, subiri. Kama kundi lote linanunua kama kawaida na mtu mmoja tu amenyamaza, huyo ndiye wa kupigiwa simu.

La mwisho ni zito, na nalisema bila kulipunguza. Orodha iliyopangwa vizuri inaonyesha nani ana pesa, kiasi gani, na huja mjini lini. Mashariki ya Kongo, karatasi kama hiyo ikiingia mikono mibaya inaweza kumletea mtu wezi wenye silaha mlangoni. Usiweke kundi lenye jina "matajiri". Usiibandike ukutani wala kuituma kwa kijana wa duka kupitia kikundi. Weka neno la siri kwenye faili na kwenye simu, na kwa anayetuma mesaji mpe namba na maneno ya kutuma tu, bila kiasi cha pesa. Mauzo yaliyopita miaka miwili yafute. Mwendo wa mteja wa leo hauyahitaji.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya Kidijitali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu inayolinda data za mtu binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Tanzania ya mwaka 2022. Njia rahisi ya kuanza vizuri ni kumwuliza mteja siku unapochukua namba yake: "Tukipata bidhaa hii tena, tukuandikie?" Akisema ndiyo, andika tarehe aliyosema. Akisema hapana, mwuzie, mshukuru, na namba yake usiiandike.

Ukitaka kuanza wiki hii, usigawe duka zima. Chagua bidhaa moja inayoisha haraka, andika mauzo yake kwa majuma sita, na mesaji yako ya kwanza iende kwa watu wa bidhaa hiyo peke yao.